Kumtaka mtu, kumzimia mtu, kumpenda mtu: kumbe ni nyuzi tatu

Nilikuwa na miaka 23 nilipogundua kwamba wenzangu walikuwa hawatanii. Tulikuwa wanne chumba kimoja hosteli, umeme umekatika, mmoja anasimulia alivyomwona kaka fulani kwenye daladala ya Mwenge akamtamani mpaka akapitiliza kituo, wengine wanapiga makofi wanasema wallahi hata mi ishanitokea, na mimi nacheka nao kama kawaida yangu. Siku zote nilikuwa nacheka. Nilidhani ni stori za kunogesha tu, kama wavuvi wanavyokwambia samaki alikuwa mkubwa hiviii, kila mtu anajua ni chumvi ila hakuna anayesema. Sa yule aliyekuwa kimya pembeni akaniuliza, na wewe je, wa mwisho kumtamani ni nani? Nikasema sijawahi. Akauliza, hujawahi kivipi, hata kwenye muvi?

Hata kwenye muvi.

Toka siku hiyo nimeulizwa maswali yaleyale mara nyingi sana, na mashangazi, na mwanaume niliyempenda, na daktari, na mchungaji, na nimegundua karibu wote wanakwama sehemu moja. Kwao mapenzi ni kamba moja. Ukisema huna kitu fulani kwenye mapenzi wanasikia huna kamba nzima, basi wewe jiwe, au unaumwa, au kuna mtu alikuumiza. Kwahiyo naomba tuifumue hiyo kamba taratibu.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia na kinatuchanganya hapohapo. Kinatuchanganya kwa sababu kitenzi ni kilekile, unapenda pilau, unampenda mama yako, unampenda mpenzi wako, unapenda kulala mchana. Ila njoo kwenye majina uone, wazee hawakuwa wajinga, kuna upendo, kuna mapenzi, kuna huba, kuna mahaba, kuna ashiki. Ashiki ni ya mwili, ile hamu ya kumtaka mtu. Upendo unaweza kuwa wa mama kwa mtoto na hakuna anayeshtuka. Halafu kuna ile vijana wanaita kumzimia mtu au kudata, mtu anakukaa kichwani, meseji yake ikiingia tumbo linacheza, ukimwona na mwingine chakula hakipiti. Sa kwa watu wengi hivi vitu vinakuja pamoja kwa mtu mmoja, unamzimia na unamtaka na baadaye unampenda, ndo maana hawajawahi kuona kwamba ni vitu tofauti, kama ambavyo hujui chai ina viungo vingapi mpaka siku unywe ambayo tangawizi imesahaulika.

Asekshuali ni mtu ambaye ule uzi wa kumtaka mtu kimwili haupo, au upo kwa mbali sana. Aromantiki ni mtu ambaye ule uzi wa kumzimia mtu, wa kudata, wa kutaka muwe "sisi wawili", ndo haupo au ni hafifu. Kwa kifupi wanajiita eisi na aro. Unaweza kuwa eisi bila kuwa aro, hiyo ndo mimi. Unaweza kuwa aro bila kuwa eisi, huyo ndo rafiki yangu mmoja fundi magari yuko Tanga, nitamleta hapo chini. Na kuna waliokosa vyote viwili, na bado wanawapenda ndugu zao na marafiki zao vizuri tu. Kuna pia walio katikati, mfano wale ambao hamu haiji kabisa mpaka wawe wamemzoea mtu kwa muda mrefu na kumwamini, hao wanaitwa demisekshuali, ila sitaingia sana huko kwa sababu ukianza kuhesabu majina utafika kesho. (Na kabla mtu hajauliza: hapana, hilo sio jina jipya la ushoga. Kuna eisi wanaozimia watu wa jinsia nyingine, kuna wanaozimia wa jinsia yao, kuna wasiozimia yeyote. Ni swali jingine kabisa.)

Nianze na mimi. Nilikuwa na mpenzi miaka mitatu. Nilimzimia haswa, sio mchezo, nilikuwa najua muda anaotoka kazini, nikiona jina lake kwenye simu natabasamu mwenyewe kwenye foleni ya benki, nilishawahi kupanda basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda Morogoro kumpelekea keki ya bethdei halafu nikarudi siku hiyohiyo. Nilipenda akinishika mkono. Nilipenda kulala kichwa changu kiko begani kwake tukiangalia mpira ambao siuelewi. Halafu akinibusu ile ya kuelekea mbali, mi akili ilikuwa inaenda jikoni. Sio kwamba nilichukia au niliogopa, hapana. Nilikuwa nawaza nimezima gesi? Dagaa nimewaloweka? Yeye anahema, mi najiuliza kama kesho kuna maji.

Hapo ndo watu wengi wanaelewa vibaya, wanadhani eisi ni mtu anayesikia hamu halafu anaizuia. Ukizuia njaa njaa ipo. Mi nafananisha na harufu. Mnapita kwenye uwanja wa jirani, wote mnasimama mnasema mmmh leo kuna biriani humu, wewe pua yako haijakuletea kitu. Huna chuki na biriani. Unaweza kukaa ukala wakikukaribisha, pengine ukasema tamu. Ila ile iliyowasimamisha wenzako njiani wewe haijakufikia, na huwezi kuilazimisha kwa kuvuta pumzi kwa nguvu, nimejaribu.

Kwahiyo hata useja sio hii. Padri au sista kaweka nadhiri, ni uamuzi, na anaweza kuwa na hamu kama wewe au zaidi na akapambana nayo kila siku. Nilipomweleza shangazi mmoja akafurahi, akasema basi Mungu anakuita usistani, nikamwambia shangazi, sisi Walutheri. Na kinyume chake pia, kuna maeisi wanaoshiriki tendo la ndoa, wana watoto, kwa sababu tendo ni kitu unachofanya na hamu ya kumtaka mtu ni kitu kinachokujia. Ukiongea na maeisi wengi utaona wamegawanyika hapo, wapo ambao tendo lenyewe linawakera kabisa hata kulisikia, wapo ambao kwao ni sawasawa na kukunja nguo, yani sina shida ila sina mzuka, na wapo wanaolifurahia kwa sababu ya ukaribu au kwa sababu mwili wenyewe unasikia raha, ingawa hawajawahi kumwangalia binadamu wakamtamani.

Ndio, mwili unaweza kusikia raha. Hii inawashangaza watu sana. Kule Kanada mwaka 2011 watafiti Lori Brotto na Morag Yule walitoa utafiti mdogo, waliwaonyesha wanawake filamu za mapenzi huku kifaa kinapima damu inavyoongezeka ukeni, wakalinganisha wanawake wanaojitambulisha kama asekshuali na wengine. Miili iliitika kwa namna inayofanana. Kwahiyo mashine inafanya kazi. Kinachokosekana ni ule mshale unaotoka kwako kwenda kwa mtu fulani. Ndo maana pia dawa za kuongeza nguvu hazigusi hili jambo, zile za hospitali kama sildenafili kazi yake ni kuruhusu damu iende inakotakiwa, hazitengenezi hamu ya kumtaka mtu, na hizi za kichochoroni wacha nisiseme, ila najua kaka mmoja eisi aliyenyweshwa vumbi la Kongo na wajomba zake siku tatu kabla ya harusi na alichopata ni moyo kwenda mbio na kuharisha.

Sa unajuaje kama ni hali yako au ni ugonjwa? Swali zuri, na sitaki mtu asome hapa aache kwenda hospitali. Hamu inaweza kupotea kwa sababu za kweli kabisa: tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo, homoni ya prolaktini ikipanda (ndo maana mama anayenyonyesha mara nyingi hana habari na mume), kisukari, sonona na wakati mwingine dawa zenyewe za sonona, baadhi ya njia za uzazi wa mpango kwa baadhi ya wanawake, maumivu wakati wa tendo, uchovu, ugomvi ndani ya nyumba. Mimi nilienda. Daktari wa kwanza hakuniuliza kitu, aliandika vidonge vya vitamini akasema nikizaa itakuja. Wa pili, dada mmoja mtaratibu, aliniuliza maswali manne ambayo nayakumbuka mpaka leo.

La kwanza, iliwahi kuwepo ikaondoka? Mtu aliyekuwa nayo miaka kumi ikakatika ndani ya miezi sita, huyo kuna kitu cha kutafutwa. Mimi haikuwahi, toka darasa la saba wenzangu wanaandikiana vikaratasi. La pili, haipo kwa huyu mwanaume tu au haipo kwa yeyote? Kama kwa mpenzi haipo ila kwa jirani ipo, hapo tunaongelea uhusiano. La tatu, kuna dalili nyingine, uchovu, uzito kuongezeka, hedhi kuvurugika, maziwa kutoka bila kunyonyesha, huzuni isiyoisha? Hakuna. La nne ndo lilinikalisha: inakuuma kwa sababu gani? Nikafikiria, nikasema inaniuma kwa sababu ataniacha. Akasema, sikiliza, asingekuwepo yeye ungekuja hapa? Nikasema nisingekuja. Alipima damu hata hivyo, tezi na prolaktini na sukari, yote yakarudi sawa, akaniambia sina cha kukutibu.

Baadaye nikaja kujua kwamba hakuwa anabuni. Kile kitabu ambacho madaktari wa akili Marekani wanatumia kuainisha magonjwa, DSM-5, toleo la mwaka 2013, kimeandika waziwazi kwenye sehemu ya upungufu wa hamu kwamba mtu akijieleza kuwa ni asekshuali basi hapewi hilo jina la ugonjwa. Na hata kwa wengine, lazima hali yenyewe iwe inamtesa mhusika. Kwahiyo tofauti kubwa ni hiyo: mtu aliyepoteza kitu anakitafuta, mtu ambaye hajawahi kuwa nacho mara nyingi anachokitafuta ni watu wamwache.

Huku kwetu kuna daktari wa tatu, mnamjua. Jini mahaba. Ukiwa na miaka 28 hujaolewa na huna hamu na wanaume, pwani yote ina jibu moja, una mume wa kijini, anakuja usiku, ana wivu, ndo anawafukuza wachumba. Nilipelekwa, sitasema wapi, nilikesha usiku mmoja mzima naombewa watu wamenishika kichwa, na kilichoniuma sio maombi, watu walikuwa na nia njema, kilichoniuma ni kwamba kila nikisema mi sioti mtu yeyote usiku, nalala fofofo, walikuwa wanasema ndo jini anavyojificha. Yani hakuna jibu ambalo ningetoa likakubalika. Ukilia ni jini linatoka, usipolia limekaza.

Mambo ya mpenzi yaliishaje? Nilimwambia mwaka wa pili. Alisikiliza, akanyamaza, akasema kwahiyo hunipendi. Nikasema nakupenda. Akasema mwanamke akimpenda mwanaume anamtaka. Tulizunguka hapo wiki nzima, kwa sababu kwake nyuzi zilikuwa zimesukwa, kila nilipovuta mmoja yeye alisikia zote zinakatika. Tukajaribu kupatana, mara mbili kwa mwezi, mi nikasema haina shida, na kweli mwanzoni haikuwa na shida. Kilichoharibu ni kwamba alianza kuniangalia usoni. Alikuwa anatafuta kitu usoni kwangu na hakukiona, na mi nikaanza kukiigiza, na mtu ukishaanza kuigiza hata ile ambayo ulikuwa huna shida nayo inaanza kuwa na shida. Mwezi wa nne nilikuwa naumwa kichwa kila Jumamosi. Tukaachana kwa amani. Nililia wiki sita, nikakonda, nikafuta namba yake nikairudisha, yale yote. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanadhani eisi akiachwa hasikii kitu. Nimeachwa kama mtu yeyote.

Nimeona wengine wamefanikiwa ila, na ukiwachunguza wamefanya kitu kimoja ambacho sisi hatukufanya, walizungumza kabla ya mtu kuzama, na walizungumza mambo yenyewe kwa majina yake: tendo lipo au halipo, likiwepo ni kwa nani kuanzisha, watoto je, kubusu je, kulala kitanda kimoja je, na ukisema leo hapana je, mwenzako atanuna? Kuna eisi wawili wameoana. Kuna eisi kaolewa na mwanaume wa kawaida na wana mtoto na wako sawa. Ila asitokee mtu akadhani sheria inalichukulia hili kirahisi, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa kubatilishwa kama tendo halijawahi kufanyika kwa sababu mmoja hawezi, na Kenya nayo imeliweka kwenye sheria yake ya 2014. Kwahiyo kunyamaza ukitegemea itajipa ni kumfungia mwenzako na wewe mwenyewe mlango.

Wangapi tuko hivi? Namba inayotajwa kila mahali ni mtu 1 kati ya 100, na inafaa ujue imetoka wapi. Mwaka 2004 mtafiti wa Kanada Anthony Bogaert alichukua majibu ya utafiti mkubwa wa Uingereza, watu zaidi ya elfu kumi na nane, ambao uliuliza watu wanavutiwa na nani, na moja ya majibu ya kuchagua lilikuwa kwamba sijawahi kuvutiwa kimwili na mtu yeyote kabisa. Karibu asilimia 1 walichagua hilo. Ni Uingereza, ni swali moja, na neno "kabisa" linawaacha nje wale ambao imewatokea mara moja maishani, kwahiyo usiichukue kama sensa ya dunia. Ila kitu kilichonivutia mimi ni kingine, kwamba wengi tu kati ya hao walikuwa wameoa au kuolewa au wameshaishi na mtu. Walikuwa ndani ya ndoa, hawana jina la hali yao, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Shangazi yangu yule wa usistani, baada ya miezi kama mitano, tuko tunachambua mchele nyumbani kwake, bila mi kusema lolote akasema, lakini lile jambo lako, unajua mimi kungwi alinifundisha yote, nikayajua yote, na mjomba wako nilimheshimu mpaka anakufa. Akatupa jiwe dogo pembeni. Akasema, ila yale wanayoimba kwenye taarabu, mi nilijua ni nyimbo. Hatukuongea tena.

Haya, sa fundi wa Tanga. Huyu hamu ya mwili anayo, hana tatizo hilo, tatizo lake limegeuka. Anavutiwa na wanawake, anapenda kampani, ni mcheshi, anapika wali nazi kuliko mimi. Ila hajawahi kumzimia mtu hata mara moja na ana miaka 37. Aliniambia kuna binti walikuwa pamoja miezi minane, siku moja wako ufukweni Raskazone jua linazama, binti akamwambia nakupenda sana, na yeye akajibu asante. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alisema nilitafuta ndani, nikatafuta, nikakuta namheshimu, namfurahia, nikimwona ana shida nitauza spana zangu nimsaidie, ila kile alichokuwa anakisema yeye na macho yale, sina. Kudanganya nitaona aibu. Basi asante.

Binti alimwita muhuni. Ukiwa mwanaume aro una jina tayari mtaani, we ni muhuni, mchezea wanawake, na ukiwa mwanamke aro unaitwa mbaya zaidi. Tofauti na muhuni wa kweli ni moja tu na unaweza kuipima: muhuni anasema nakupenda ili apate, aro mkweli anapoteza kwa sababu amekataa kusema. Toka siku ile ya Raskazone yeye anasema mapema, kabla ya mambo kwenda mbali, mi sitakuzimia, sio wewe, sijawahi, nitakuwa mwaminifu na nitakuwepo ila hiyo moja usiisubiri. Wengi wanasema nitambadilisha. Hapo ndo panaharibika, na panaharibika mara zote kwa namna ileile, mwanamke anakaa mwaka anasubiri mbegu ambayo aliambiwa haipo kwenye shamba.

Na watu walishaliona hili zamani. Miaka ya sabini kuna mwanasaikolojia Mmarekani, Dorothy Tennov, alihoji mamia ya watu kuhusu kudata, akatunga hadi neno lake, limerensi, akachapisha kitabu 1979. Alikusanya dalili zake zote, kuwaza mtu bila kukusudia, kusoma maana kwenye kila meseji, kupanda na kushuka kwa kutegemea jibu la mtu mmoja. Ila katikati ya kazi akakutana na watu wanaomwambia mi hiyo sijawahi kuwa nayo, na walikuwa watu wazima wenye afya, wenye ndoa na marafiki. Na mwaka 2003 Lisa Diamond, naye mwanasaikolojia Marekani, akaandika kwamba hamu ya mwili na kuzimia mtu ni mifumo miwili inayoweza kwenda kila mmoja peke yake, hamu chimbuko lake ni kuzaana, kuzimia kumejengwa juu ya ule mfumo unaomfunga mtoto na mlezi wake. Ndo maana mtoto wa miaka saba anaweza kumzimia mwalimu wake na hakuna la mwili hapo. Nyuzi mbili, viwanda viwili, sokoni zinauzwa zimeshasukwa.

Watu wakimsikia fundi wanamhurumia, maskini, ataishi peke yake. Hawajafika kwake. Ana rafiki yake toka kidato cha kwanza, wamenunua viwanja viwili vinavyopakana, wakajenga kwa zamu, matofali ya huyu kwanza halafu bati la yule, rafiki ana mke na watoto watatu na katikati ya nyumba hakuna ukuta, watoto wanakula popote ugali ulikoiva. Yule mdogo analala kwa baba mkubwa siku za shule kwa sababu baba mkubwa ndo anajua hesabu. Fundi anasema hicho ndo kitu kikubwa maishani mwake, sio kitu cha kusubirishia mpaka mapenzi yaje. Mwanafalsafa mmoja, Elizabeth Brake, ametunga neno kwa ajili ya ile imani kwamba kila mtu lazima awe anatafuta uhusiano wa wawili na kwamba huo ndo unapita mahusiano mengine yote, anaiita amatonormativiti. Neno limekaa vibaya mdomoni, ila ukishalijua unaliona kila mahali: kwenye kadi za harusi zilizoandikwa Bwana na Bibi, kwenye likizo ya msiba ambayo rafiki hahesabiki, kwenye lile swali la sikukuu, unatuletea lini mkwe.

Mwaka juzi bodaboda ilimgonga fundi, mguu wa kulia ukavunjika sehemu mbili. Nilishuka Tanga kesho yake. Mapokezi pale kulikuwa na fomu, na kwenye sehemu ya mtu wa karibu nesi alikuwa ameuliza mke, akajibiwa hana, akauliza mchumba, hana, mama alishafariki. Rafiki yake alikuwa amesimama hapo na shati lina damu ya mwenzake, usiku mzima hajalala, ana kundi la damu la mwenzake kichwani, anajua dawa gani inampa mzio. Nesi akasema we ni nani yake? Akasema rafiki. Nesi akasema, rafiki hapana, tafuta ndugu.

Wakamsubiri mdogo wake wa kambo atoke Korogwe kuja kusaini. Alifika saa nane mchana. Aliuliza kundi la damu la kaka yake ni lipi, na yule rafiki ndo alimjibu.